Hakuna Mafuta Humu Ndani

Injinia aliyetoka Kigali alisema mashine haisikii Kiswahili. Aliyasema hayo akiwa amesimama katika ua wa zahanati yetu ya Kamembe, mji wa mpakani kando ya ziwa, kalamu mbili mfukoni, mbele ya jenereta mpya iliyokuwa bado na vumbi la safari. Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayemweleza mgeni kwamba barabara hii haifiki anakokwenda.

"Kiswahili ni lugha ya sokoni," aliongeza. "Ufundi una lugha zake, kama Kifaransa."

Nilikuwa nimerudi nyumbani miezi michache tu kabla ya hapo. Mimi ni mtu wa kuondoka. Nilimaliza sekondari Gihundwe, na kabla matokeo hayajabandikwa nilikwisha vuka kwenda Uvira, kutoka hapo Kigoma, kisha mbali zaidi, hadi gereji moja kwenye bandari ya Uarabuni nilikofanya kazi miaka minne nikiwa chini ya malori. Popote nilipokuwa niliikumbuka Kamembe: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa, adhana na kengele zikipokezana asubuhi, mama zetu wakitukana kwa lugha tatu ndani ya sentensi moja. Nikirudi, mwezi wa pili haujaisha naanza kuitazama barabara. Lakini safari ile ilikuja jenereta.

Ilikuwa zawadi. Wafadhili wa Kiarabu waliileta kwa ajili ya zahanati iliyojengwa na watu wa msikiti wetu, ambayo inatibu kila mtu, Mwislamu na Mkristo. Umeme ukikatika, friji ya chanjo inapata joto, na chanjo ikipata joto ni ya kutupwa. Kwa hiyo jenereta ilipokelewa kwa dua na soda. Tatizo lilikuwa kitabu. Kitabu cha matunzo kilikuwa cha Kiarabu kitupu, kuanzia jalada hadi jedwali la mwisho, na mafundi wa kuitunza hawakukijua Kiarabu hata cha salamu.

Injinia alipendekeza kampuni yake iichukue kazi hiyo. Wangekuja wenyewe kila ilipohitajika, na kati ya safari moja na nyingine pasiwe na mtu wa kuigusa. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mzee mpole aliyekuwa fundi cherehani, aliuliza, "Ikizimika katikati?" Injinia akajibu kwamba wangepiga simu, nao wangekuja.

Ndipo Maman Fundi alipopaza sauti kutoka nyuma.

Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, Mkristo kutoka Bukavu, mwenye karakana ya kutengeneza mashine za kusaga karibu na soko. Mikono yake ilikuwa na alama za moto hadi kwenye viwiko. Nusu ya mashine za kusaga mihogo za vijiji vya Gashonga zilikuwa zikiishi kwa sababu yake.

"Papa Injinia," alisema, "chanjo itakungojea weye mu barabara? Itasema pole, ngoja gari ifike?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha kwa kidole cheusi cha grisi. "Huyu mutembezi anajua kusoma Kiarabu. Atusomee. Sisi tutafanya."

Mwenyekiti alipenda neno hilo. Akaamua hivi: matunzo ya kwanza, yale ya kubadilisha oili na machujio baada ya saa za mwanzo za kazi, yafanywe na karakana ya Maman Fundi kwa kufuata kitabu. Injinia akirudi Kamembe atakagua. Akikuta kazi ni safi, jenereta ni yetu. Akikuta imeharibiwa, ufunguo wa chumba chake unakwenda Kigali.

Nilikichukua kitabu hadi kwa ustadhi aliyenifundisha madrasa nikiwa mtoto. Nilifikiri yeye na mimi tutakimaliza kwa wiki moja. Yeye anaijua sarufi, mimi ninazijua gereji.

Sikujua kwamba adui yetu angekuwa Kiswahili chenyewe, kwa kuwa kimejaa maneno ya Kiarabu. Msomaji wa Kifaransa akiona neno la Kiarabu, anajua kwamba halijui, basi anatafuta. Sisi tunaliona, tunalikumbatia kama binamu, tunamkaribisha ndani, kumbe ni mtu mwingine kabisa. Ukurasa wa kumi na moja ulisema turekebishe *khulusi* ya valvu. Ustadhi akavua miwani.

"Khulusi. Ikhlasi," alisema. "Rekebisha ikhlasi ya valvu."

"Valvu iwe na nia njema?"

"Kila kitu kinahitaji nia njema, mwanangu."

Kumbe ni ile nafasi nyembamba kama unywele iachwayo kati ya valvu na mkono unaoisukuma, inayopimwa kwa kibati chembamba. Nilikumbuka jinsi Waarabu wa gereji walivyokiita kibati hicho, nikamwonyesha ustadhi kwa kucha zangu mbili. Alicheka mpaka akakohoa. Tuliandika "nafasi". Mbele kidogo tukakutana na *mahbasi* ya dizeli. Ustadhi, aliyewahi kulala mahabusu kwa kosa la jirani yake, alikunja uso. "Sasa hii ni jela ya nani?" Ilikuwa bomba tu, koki ya kufungulia na kufungia dizeli.

Tukajiona werevu. Tulikuwa tumewakamata binamu wawili wa uongo, tukadhani ukoo umekwisha.

Niliandika hatua zote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri wa shule, nikampa Maman Fundi, halafu nikaenda Bukavu siku mbili, kwa sababu sikuweza kukaa. Sikumwambia mtu ninafuata nini huko. Sikuwa ninafuata kitu.

Niliporudi nilimkuta Maman Fundi katika ua wa zahanati, ameketi kwenye kopo lililopinduliwa, uso umenuna. Injinia alikuwa amefika siku moja kabla ya ahadi. Alikuwa amesimama na kijiti cha kupimia oili mkononi, na kwenye kitambaa chake cheupe kulikuwa na doa jeusi kama wino. Kwenye kona, oili mpya ilikuwa imekaa ndani ya madebe yake, vizibo vikiwa bado havijavunjwa.

"Mmeiosha oili," alisema. Alisema polepole, kama anayeonja. "Mmeichuja kwa kitambaa, mkairudisha. Mashine imewashwa nusu saa na oili chafu. Katika kazi yangu yote sijaona."

Maman Fundi alininyooshea daftari langu. "Iko hapa. Hatua ya ine. Soma weye mwenyewe."

Nilisoma. *Safisha oili ya zamani kupitia kizibo cha kusafishia.* Mwandiko wangu. Chini yake: *Subiri hadi tone la mwisho litoke.*

Alikuwa ametii neno kwa neno. Alikifungua kizibo cha chini, akakinga beseni, akangoja tone la mwisho. Kisha, kwa kuwa karatasi ilisema safisha, alisafisha: kitambaa cha pamba, mikunjo minne, nusu siku ya kazi ya uvumilivu. Hatua ya saba ilisema *jaza oili hadi alama ya juu*, akajaza ile aliyoisafisha. Na kwa nini ashangae? Katika karakana zetu oili huchujwa na kutumiwa tena kwenye mashine nzee. Kosa langu lilikuwa limevaa nguo za desturi ya nyumbani, ndiyo maana hakuna aliyelishuku.

Nilikifungua kitabu. *Saffi zeit.* Mimi na ustadhi tulikuwa tumesikia "safi" na kuipita bila kugeuka. Lakini pale kwenye ukurasa wa maji ya kupozea kulikuwa na neno jingine, *farrigh*, nami nilikuwa nimelitafsiri "mwaga". Michoro ya kurasa zote mbili ilikuwa sawa: kizibo cha chini, mshale unaoshuka, beseni. Mwandishi wa kitabu alikuwa ametumia maneno mawili kwa kitendo kimoja. Yote mawili yalikuwa na maana ya kutoa kimiminika kilichomo hadi kiishe. Huko bandarini mafundi walikuwa na neno lao la tatu, "teremsha", kwa hiyo *saffi* sikuwahi kuisikia ikitoka kwenye mdomo wenye spana.

Masikio yaliniwaka moto. Nilitaka kusema jambo refu. Nilichosema ni: "Kosa ni langu. Ni neno moja."

"Ni lugha," alijibu injinia. "Nilikwisha kuwaambia. Hii si dharau. Mnaweza kuua mashine kwa neno moja kwa sababu lugha yenu haina maneno."

Maman Fundi aliinuka kwenye kopo lake. "Apana. Lugha iko na maneno. Huyu muntu aliandika moja mubaya." Akamgeukia. "Weye unajua Kiarabu?"

"Hapana."

"Hiki kitabu, umekisoma mu Kifaransa?"

Injinia alikunja kitambaa chake. "Nina uzoefu na mashine za aina hii."

"Basi weye pia haukukisoma," alisema. "Sisi tumekisoma na tumekosea. Weye haukukosea kwa sababu haukusoma. Mzee mwenyekiti, tupe siku moja."

Mzee alitazama madebe yenye vizibo, akanitazama mimi, akatazama chumba cha friji. Injinia alikuwa analala Kamembe na kuondoka keshokutwa. "Kesho asubuhi," mzee alisema. "Mara ya pili sitaweza kuwatetea."

Tulikwenda karakanani moja kwa moja, jua likiwa bado juu. Ustadhi alikuja kwa miguu na kamusi yake kubwa imefungwa kwenye kanga. Maman Fundi alimwita pia fundi mmoja wa Gashonga, mtu wa mashine za kusaga, mrefu, mkimya, aliyesoma shule ya msingi bila kuimaliza na aliyekuwa anasoma Kiswahili kwa kidole chini ya kila silabi. Nilimuuliza Maman Fundi huyu wa nini.

"Juu weye unajua sana," alisema. "Nataka muntu asiyejua."

Tulichora safu tatu kwenye daftari jipya. Ya kwanza, neno la Kiarabu. Ya pili, neno letu. Ya tatu, mkono unafanya nini. Safu ya tatu ilikuwa ya Maman Fundi. Tulikuwa na injini nzee mezani. Mimi nilisoma kitenzi, yeye alikifanya kwa mikono, na mtu wa Gashonga alisema alichokiona. Mkono ukisita, neno linafutwa.

Mkono ulisita kwenye "funga". Nilikuwa nimeandika *funga koki*, *funga chujio*, *funga bolti*. Kwa Kiarabu vilikuwa vitenzi vitatu.

"Funga mulango, funga mbuzi, funga mwezi wa Ramadhani," Maman Fundi alisema. "Hii neno inafunga kila kitu. Kwangu hapana."

Basi tukaamua: kufunga na kufungua ni kwa koki tu, kitu kinachopitisha au kuzuia. Bolti inakazwa au inalegezwa. Kulegeza si kutoa. Ukilegeza, kitu bado kipo mahali pake. Kutoa ni mpaka kiwe mkononi. Kuweka ni kukirudisha. Kusafisha ni brashi na kitambaa juu ya chuma, na si kitu kingine chochote. Kwa *saffi* na *farrigh*, vyote viwili: mwaga. Ustadhi hakupenda. Alisema mwaga ni uzembe, ni chai juu ya mkeka. Mtu wa Gashonga, aliyekuwa hajasema kitu tangu tuanze, alisema: "Mwaga, hakibaki kitu." Ikabaki hiyo.

Halafu tukagombana juu ya mafuta.

Ustadhi aliandika "mafuta ya kulainisha" na "mafuta ya kuwakia", na ni Kiswahili kizuri, sikatai. Lakini Maman Fundi aliniomba nihesabu tumeandika "mafuta" mara ngapi kwenye ukurasa mmoja ambapo chujio moja ni la oili na jingine la dizeli. Nilipoanza kuhesabu alinizuia.

"Usihesabu. Futa."

"Mafuta ni neno la babu zetu," ustadhi alisema.

"Babu zetu walipaka mafuta ku ngozi, Ustadhi. Hawakuweka mu jenereta."

"Kitabu chenyewe kina *zeit* kwa oili na *wuqudi* kwa dizeli," nilisema. "Havichanganyiki hata mara moja."

Ustadhi alifumba macho, kisha akachukua kalamu mwenyewe, akalipiga neno mstari kila lilipotokea. "Basi humu ndani hakuna mafuta," alisema, kama anayetoa hukumu. "Kuna oili na kuna dizeli." Aliandika sheria hiyo juu ya ukurasa wa kwanza, akapiga mstari chini yake.

Tulifanya vivyo hivyo kwa vyuma. Kila kimoja jina moja, toka mwanzo hadi mwisho: chujio la oili, chujio la dizeli, kizibo cha chini, pete ya shaba, kijiti cha kupimia. Niliposahau na kuandika "filtri" mahali pamoja kwa sababu ndivyo tunavyosema mtaani, mtu wa Gashonga alinyanyua kidole kwenye karatasi. "Hii ni ingine?" Nikafuta. Adhana ya Magharibi ilitukuta kwenye hatua ya mwisho, kisha nikazinakili hatua zote kwenye karatasi moja kubwa, ustadhi akaandika sheria yake juu kabisa.

Asubuhi Maman Fundi alinipa habari mlangoni mwa chumba cha jenereta. Yeye hangefanya kazi. Angefanya mtu wa Gashonga, peke yake, na karatasi. Na mimi ningebaki nje.

"Kwa nini nje?"

"Juu utamuangalia, naye atasoma uso yako. Tunapima karatasi." Akaongeza, bila ubaya, "Na weye utaondoka, mutembezi. Leo, kesho, utaondoka. Karatasi itabaki."

Nilikaa ukutani, juani, mgongo kwenye tofali. Ndani walikuwa injinia, mwenyekiti, Maman Fundi kwenye kona na mdomo umefungwa, na yule fundi wa Gashonga. Nilisikia sauti yake ikisoma silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la pili, kisha chuma, kisha tena sauti.

"Wa-sha. In-ji-ni. Da-ki-ka ta-no." Ikanguruma, ikazimwa, maana oili ya moto ndiyo inayotoka yote. "To-a ki-zi-bo cha chi-ni. Mwa-ga o-i-li yo-te ndani ya be-se-ni." Nilisikia ikianguka kwenye beseni, mkondo mnene, baadaye nyuzi, baadaye matone. Alikuwa anangoja tone la mwisho. Oili ile nyeusi ilibaki ndani ya beseni, hakuna aliyeitafutia kitambaa.

Pete mpya ya shaba. Kizibo. Kaza. Chujio jipya la oili, mpira wake umepakwa oili kidogo kwa kidole, likakazwa kwa mkono bila spana, kama tulivyoandika. Nilikuwa ninazijua hatua zote, na bado nilizihesabu kwa vidole.

Alifika kwenye dizeli. Alifunga koki, akabadilisha chujio, akafungua koki. "Le-ge-za sku-ru-bu ya he-wa. Mzu-ngu-ko m-mo-ja." Kwenye daftari la kwanza hapo niliandika "fungua", na mtu yeyote wa kwetu angeitoa nzima, dizeli ikatapika na skrubu ikapotea chini ya sakafu. Nilisikia pampu ndogo ya mkono ikibonyezwa, tiki, tiki. Mapovu ya hewa yalikuwa yanatoka kwenye dizeli, nilijua. Kisha, "Mapovu yamekwisha. Ka-za."

Hapo injinia hakuvumilia. Alikuwa ameona kwamba injini bado haina oili mpya, na labda alidhani hatua imerukwa.

"Weka mafuta sasa!" alisema. "Weka mafuta!"

Nilimwona kwa mawazo yule mtu mrefu akiinua kichwa kutoka kwenye karatasi, kidole kikiwa bado mahali pake.

"Mafuta gani, Papa?"

"Mafuta! Ya injini!"

"Humu ndani hakuna mafuta," alisema, sauti yake ikiwa imetulia kabisa. "Iko oili na iko dizeli. Mafuta iko jikoni. Sema unataka gani."

Nilisikia tu Maman Fundi akipumua kwa pua, pumzi moja ndefu ya mtu anayezuia kicheko kwa nguvu zake zote.

"Oili," injinia alisema hatimaye.

"Ni hatua inayofuata," alisema mtu wa Gashonga, akasoma. "Ja-za o-i-li m-pya ha-di a-la-ma ya ju-u." Vizibo vya madebe vikavunjika, kimoja baada ya kingine.

Injini ilipowashwa nilisimama. Ikazimwa, wakangoja oili itulie. Kijiti kilitolewa, kikafutwa, kikarudishwa, kikatolewa tena. Injinia alikifutia kwenye kitambaa chake, akatoka nacho nje mahali penye mwanga, hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Kwenye kitambaa kulikuwa na doa la rangi ya asali iliyokolea. Alilitazama muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Akarudi ndani kwa tochi, akachuchumaa, akatafuta kuvuja chini ya kizibo na pembeni mwa chujio. Hakukuwa na tone.

"Kazi ni sawa," alimwambia mwenyekiti. Kwa haki yake, alilisema waziwazi, mbele yetu sote. Halafu akaongeza, "Lakini mashine si karatasi," na mimi nikajibu kabla sijajizuia:

"Wala si Kifaransa."

Mwenyekiti aliutoa ufunguo wa chumba mfukoni mwa kanzu. Nilidhani atampa Maman Fundi. Naye alidhani hivyo, alikwisha futa mkono kwenye kitenge. Mzee alimpa, lakini kwanza aliichukua ile karatasi kutoka kwa mtu wa Gashonga, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaigongomea misumari minne ukutani juu ya jenereta. "Ufunguo kwa mtu," alisema. "Kazi kwa hii."

Nilikaa wiki tatu zaidi. Kisha nikaondoka, kama ilivyotabiriwa, na nimekwisha rudi na kuondoka mara nyingine mbili. Kila ninaporudi naingia zahanati kabla sijafika nyumbani, nikijifanya ninapita tu. Plastiki imekuwa ya njano, na oili imelipaka doa jina la hatua ya nne, ila neno "mwaga" linasomeka. Juu kabisa uko mwandiko wa ustadhi, ambaye sasa ni marehemu, umepigiwa mstari. Mara ya mwisho nilimkuta mwanamke mmoja fundi nisiyemjua amechuchumaa hapo, akisoma kwa kidole. Sikumwambia chochote. Nilimsikiliza akilegeza skrubu mzunguko mmoja, nikaenda zangu.